Gramu Tatu za Fosforasi

Kusini mwa Mto Pangani, ukishashuka kwenye pantoni pale Bweni na kushika njia ya Mwera, utakutana na injini ambazo mjini zimeshageuzwa vyuma chakavu. Huku ndiko mkonge wa Tanzania ulikoanzia. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na ile 62 iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, si mbali na mto. Mashamba ya mkonge na minazi yaliyofuata yalileta trekta, malori na magari ya kazi, na baadhi ya mashine za miaka ya 1960 na 1970 zingali zinabeba mizigo. Hazitunzwi kwa maonyesho. Zinatunzwa kwa sababu zinapita kwenye mchanga na tope la masika, na kwa sababu fundi wa kijijini anaweza kuzifungua zote kwa spana chache.

Mojawapo ni pikapu ya Toyota Land Cruiser, FJ45, yenye injini ya 2F: petroli, silinda sita, lita 4.2, kabureta moja. Ilikuwa ikibeba nazi kutoka mashambani hadi kivukoni. Injini yake ilifanyiwa matengenezo makubwa: ringi mpya, beringi mpya, kamshafti mpya na tapeti 12 mpya. Mwenye gari alikuwa ametumia fedha nyingi, na hakutaka kubania oili. Akaenda mjini Tanga akanunua oili ya bei ya juu kuliko zote dukani, 5W-30, yenye alama ya C3. Muuzaji alimweleza kwamba ndiyo inayotumika kwenye magari mapya ya Ulaya, na alikuwa anasema kweli.

Wiki chache baadaye injini ikaanza kugonga juu, upande wa roka. Fundi akafungua kava, akapima kwa fila, akakuta vali ya kutolea moshi ya silinda ya nne imeachia nafasi kubwa kuliko inayotakiwa. Kwa 2F, injini ikiwa ya moto, vali za kuingiza hewa huachiwa milimita 0.20 na za kutolea moshi 0.35. Akaikaza, mlio ukaisha. Baada ya muda mfupi gari likarudi.

"Shikamoo fundi. Ile tapeti imeanza tena," dereva akasema.

"Marahaba. Ileile au nyingine?"

"Ileile. Na sasa nikikanyaga mafuta inapiga chafya kwenye kabureta."

Fundi hakuchukua fila tena. Nafasi ya vali moja ikiongezeka tena na tena, huku zile 11 nyingine zimetulia, kuna chuma kinachoisha chini yake. Chafya ile nayo ilikuwa na maana. Vali ya kutolea moshi isipofunguka vya kutosha, moshi unabaki ndani ya silinda, na vali ya kuingiza hewa ikifunguka moshi huo wa moto unakimbilia juu kwenye kabureta na kuwasha mchanganyiko uliomo. Kama ingekuwa nundu ya vali ya kuingiza hewa ndiyo imeisha, silinda ingepoteza nguvu tu, bila chafya.

Njia ya kuhakikisha ni kupima mnyanyuko. Mwenye saa ya kupimia anaiweka juu ya pushirodi, anazungusha injini kwa mkono, na kusoma umbali kati ya chini kabisa na juu kabisa. Asiye na saa hutumia venia kupima pushirodi ikiwa chini, kisha ikiwa juu. Hakuna haja ya kujua kipimo cha kiwandani. Kinachotakiwa ni kulinganisha vali sita za kutolea moshi zenyewe kwa zenyewe. Tano zilinyanyuka sawasawa. Ya silinda ya nne ilipungua karibu milimita mbili.

Kwenye 2F, pushirodi hufunikwa na kava la ubavuni mwa bloku. Fundi alilifungua, akaivuta ile tapeti juu, akaigeuza mwangani. Uso wa chini wa tapeti nzima unang'aa, na una alama ya mduara inayoonyesha kwamba imekuwa ikizunguka. Uso wa hii ulikuwa umechimbika katikati kama kisosi, na mikwaruzo yake yote ilikuwa imeelekea upande mmoja. Maana yake tapeti iliacha kuzunguka, ikawa inasagwa mahali palepale. Nundu yake kwenye kamshafti ilikuwa imepoteza ncha, na kingo zake zilikuwa kali kwa kidole.

Kwa nini chuma kilichokazwa kiwandani kiishe kwa wiki chache? Jibu liko pale nundu inapokutana na tapeti. Tapeti ya aina hii haina gurudumu, ni uso bapa unaosuguliwa moja kwa moja. Kwa jicho unaonekana umenyooka, lakini kwa kawaida una mbinuko mdogo sana, na nundu nayo imechongwa ikiwa imeinama kidogo au imewekwa pembeni ya kitovu cha tapeti, ili kila mpigo uizungushe tapeti kidogo na usuguaji usirudie sehemu moja. Kwa hiyo vyuma hivi viwili hugusana kwenye eneo dogo mno, huku springi ya vali ikisukuma kutoka juu. Mgandamizo pale unaweza kuvuka kilo 6,000 kwa sentimita moja ya mraba. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka mara 1,000, na kila nundu huipiga tapeti yake mara 60,000 kwa saa.

Kwenye beringi za krankishafti, oili huvutwa kati ya vyuma na kuvitenganisha kabisa. Kwenye ncha ya nundu haiwezi kufanya hivyo wakati wote. Utando wa oili unakuwa mwembamba mno, vilima vidogo vya chuma vinagusana, na oili yenyewe, hata iwe safi na nzito kiasi gani, haiwezi kuzuia. Hapo ndipo zinki inapohitajika.

Zinki hiyo haimo kwenye oili kama unga wa chuma. Imo ndani ya kiambato kiitwacho zinki daialkili dithiofosfeti, ambacho kwenye makaratasi huandikwa ZDDP, na ndani yake mna zinki, fosforasi na salfa. Kilianza kutumika kwenye oili za injini katika miaka ya 1940, hasa kuzuia oili isioze na beringi zisiliwe na asidi. Kazi yake ya kulinda nundu ikaja kuonekana muhimu zaidi. Pale vyuma vinapogusana, joto na mgandamizo huivunja ZDDP, na mabaki yake hujijenga juu ya chuma kama utando wa kioo cha fosfeti, mwembamba kiasi kwamba ungehitaji tando elfu kadhaa kufikia unene wa milimita moja. Utando huo ndio unaosagwa badala ya chuma, kisha hujengwa upya kwa ZDDP nyingine iliyomo kwenye oili. Ni kama chokaa kwenye kuta za nyumba za mawe za Pangani: mvua huila, nyumba hupakwa tena, na jiwe linabaki. Lakini kupaka kunategemea chokaa kuwepo, na ZDDP hupungua kadiri oili inavyotumika.

Ingawa watu husema zinki, viwango hupima zaidi fosforasi, na ndiyo inayojenga sehemu kubwa ya utando. Hivi viwili hutembea pamoja, zinki ikiizidi fosforasi kidogo kwa uzito. Sampu ya 2F inachukua lita 8 hivi, ambazo uzito wake ni karibu kilo 7. Oili yenye fosforasi asilimia 0.12, kiwango kilichokuwa cha kawaida injini hizi zilipokuwa bado mpya barabarani, inaweka ndani ya sampu gramu 8.4 za fosforasi. Oili yenye asilimia 0.08 inaweka gramu 5.6. Tofauti haifiki gramu tatu. Na oili ya daraja la C1, ambayo haikuruhusiwa kuzidi asilimia 0.05, inaweka gramu 3.5 tu ndani ya injini nzima.

Waliopunguza gramu hizo hawakuwa wanaibia mtu. Injini yoyote hula oili kidogo, na oili iliyoungua hutoka na moshi. Fosforasi yake hutua juu ya yale masega yaliyomo kwenye ekzosi za magari ya petroli, ikafunika madini yanayosafisha moshi hadi yashindwe kazi. Zinki na kalsiamu hazitoweki pia, hugeuka majivu. Gari la dizeli la kisasa lina chujio kwenye ekzosi linalonasa masizi na kuyachoma mara kwa mara. Masizi huungua, majivu hayaungui, na mwisho wake chujio huziba. Ndiyo maana kiwango cha Kimarekani cha petroli kilichotoka mwaka 2004, API SM, kiliweka kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 kwa oili nyepesi, na mwaka huohuo watu wa Ulaya wakaanzisha madaraja ya C yenye majivu machache. C3, ile iliyoingia kwenye pikapu yetu, hairuhusiwi kuzidi majivu asilimia 0.8 na fosforasi asilimia 0.09. Nyingi kati ya injini zilizotengenezewa oili hizo zina vigurudumu kwenye tapeti au roka, kwa hiyo hazidai utando mwingi kiasi hicho.

Kuna kitu kingine kinachopungua pamoja na majivu, na watu wa dizeli wanapaswa kukijali kuliko wa petroli. Kalsiamu iliyomo kwenye oili ndiyo inayozima asidi inayotokana na salfa ya mafuta na kusafisha masizi kwenye ringi. Uwezo huo hupimwa kwa namba ya TBN. Oili ya malori ya zamani kidogo, CI-4, mara nyingi huwa na TBN ya 10 au zaidi, wakati oili za C3 nyingi ziko kati ya 6 na 8. Trekta la Massey Ferguson 135, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu na tapeti bapa, likipewa oili ya majivu machache litapungukiwa mara mbili, kwenye nundu na kwenye ringi. Likiwa linachoma dizeli ya madumu isiyojulikana ilikotoka, hasara ya pili inaweza kuonekana kabla ya ile ya kwanza.

Sasa turudi kwenye pikapu, kwa sababu oili haikuwa na kosa lote. Siku injini ilipowashwa mara ya kwanza baada ya matengenezo, iliachwa silensa muda mrefu huku kabureta ikirekebishwa. Nundu za injini kama hii hupata sehemu kubwa ya oili yake kwa kurushiwa na krankishafti inapozunguka kwa kasi. Kwenye silensa oili inayorushwa ni kidogo, na ncha ya nundu hupita polepole juu ya tapeti huku springi ikisukuma kwa nguvu yake yote. Kamshafti mpya na tapeti mpya bado hazijalainishana, na utando wa fosfeti haujajengwa. Ile nusu saa ya kwanza ina uzito kuliko miezi mingi inayofuata. Nadhani kuwasha vibaya kuliianzisha ajali, na oili yenye ZDDP ndogo ikashindwa kuizuia. Lakini mtu mkweli hawezi kuzitenganisha sababu hizo mbili baada ya chuma kuisha.

Hili linanifanya nisikubaliane na wanaosema kwamba oili ya kisasa inaua kila injini ya zamani. Injini iliyokwisha kulainika kwa miaka, yenye springi za kiwandani zisizo ngumu, inaweza kwenda muda mrefu na asilimia 0.08. Iliyo hatarini kweli ni ile yenye kamshafti mpya, au springi zilizobadilishwa kuwa ngumu zaidi, au oili inayokaa ndani hadi inaisha nguvu. Na si kila gari la zamani lina tatizo hili. Land Rover za Series II na III zenye injini ya lita 2.25, ambazo Tanga nzima inazijua, zina vigurudumu chini ya tapeti zake. Kamshafti yake haisuguliwi kwa namna ninayoieleza hapa, na anayehangaika kuitafutia zinki ya ziada anatibu ugonjwa ambao gari halina. Ile ya V8 ya lita 3.5 ni hadithi nyingine: tapeti zake ni za haidroliki lakini uso wake ni bapa, na kamshafti kuisha ni ugonjwa wake unaojulikana. Peugeot 404 na 504, Volkswagen Kobe na Datsun 1200 nazo ni za uso bapa.

Basi mwenye 2F anunue oili gani huku Mwera? Asiangalie bei wala picha ya gari kwenye dumu. Ageuze dumu asome herufi ndogo za nyuma. Akiona C1, C2, C3 au C4, alirudishe. Akiona SM, SN au SP, atazame unene: kikomo cha asilimia 0.08 kinazibana oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30, ila 15W-40 na 20W-50 za madaraja hayohayo hazibanwi, na mtengenezaji anaweza kuweka zaidi. Anaweza, lakini halazimiki, kwa hiyo karatasi ya vipimo ya mtengenezaji ndiyo ya kuaminiwa, ikipatikana. Oili ya malori ya 15W-40 yenye alama CI-4 haikuwekewa kikomo cha fosforasi, na ndiyo ambayo mimi ningeichagua kwa 2F na kwa trekta pia. CJ-4 na CK-4, zilizokuja baadaye kwa ajili ya malori yenye chujio la masizi, zimewekewa mwisho wa asilimia 0.12, ambao kwa tapeti bapa bado ni mzuri, ila majivu yake hayaruhusiwi kuzidi asilimia moja.

Chaguo lingine limo kwenye kila duka linalohudumia bodaboda. Oili ya pikipiki yenye alama JASO MA lazima iwe na fosforasi kati ya asilimia 0.08 na 0.12. Ikiwa ni 20W-50, petroli ya zamani itaipokea bila shida. Ubaya wake ni kwamba inauzwa kwa chupa ndogo, na kujaza lita 8 kunagharimu.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa, hata ikiitwa namba 40, siiamini, kwa kuwa hakuna herufi za kusoma. Uzito peke yake hauleti zinki. Daraja la SA, la zamani kuliko yote, halikudai kiambato chochote. Vilevile vile vichupa vya kuongezea zinki vinahitaji kiasi. Fosforasi ikipita asilimia 0.14 hivi, faida haiongezeki, na ikifika karibu na 0.20 kemikali yenyewe huanza kuishambulia ngozi ya chuma hadi imenyuke vipande vidogo. Mtu anayemimina kichupa kizima juu ya oili ya CI-4 ambayo tayari inatosha, anaweza kuleta maradhi aliyotaka kuyakimbia.

Pikapu ilitengenezwa upya hivi. Kamshafti iliyoisha haipewi tapeti mpya, wala tapeti zilizotumika hazihamishiwi kamshafti mpya, kwa sababu kila tapeti imeshalainika na nundu yake. Zilinunuliwa kamshafti na tapeti zote 12. Sampu ilishushwa na kuoshwa, maana unga wa chuma ulikuwa umetapakaa kwenye njia zote za oili, na beringi zilikaguliwa kwa ajili hiyohiyo. Kila nundu na kila uso wa tapeti ulipakwa grisi ya molibdeni ya kufungia kamshafti, siyo grisi ya beringi za magurudumu. Tapeti zilipoingia, kila moja ilizungushwa kwa kidole kwenye tundu lake kuona kwamba haikwami. Kabureta ilijazwa petroli na taimingi ikawekwa kabla, ili injini iwake mara moja bila kupigwa stata kwa muda mrefu. Ilipowaka, haikuachwa silensa hata kidogo. Ilipandishwa hadi mizunguko 2,000, ikachezeshwa kati ya hapo na 2,500 kwa dakika 20, fundi akiwa kwenye rejeta kuangalia joto na mwenzake akichungulia kama pushirodi zinazunguka. Pushirodi inayozunguka inaonyesha kwamba tapeti iliyo chini yake inazunguka pia. Ile isiyozunguka ndani ya dakika chache za mwanzo ni sababu ya kuzima injini hapohapo.

Oili ya 15W-40 CI-4 iliyotumika kwa kuanzia ilimwagwa baada ya safari fupi, ikawekwa nyingine ya aina ileile. Filta iliyotoka ilikatwa kwa msumeno wa chuma na karatasi yake kukunjuliwa kwenye jua. Vijipande vichache vya rangi ya kijivu vilikuwemo, na sumaku ilivivuta, jambo la kawaida kwa vyuma vipya. Filta ya pili ilikatwa pia, na sumaku haikupata cha kushika. Nafasi ya vali ya silinda ya nne ilipimwa siku hiyo, ikakutwa bado ni milimita 0.35.